Kadi ya Marekani, Akaunti ya Uingereza, Mteja wa Malaba

Mtu wa Busia hafundishwi kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na bei mbili. Amekua akiliona. Sukari, mayai na mahindi vina bei ya huku na bei ya ng'ambo, na wanaobadilisha fedha karibu na geti hushinda na vitita mkononi kwa sababu hiyohiyo: shilingi moja ya Kenya imekuwa ikichukua takriban 28 za Uganda, na mwenye hesabu za haraka huona faida ilipo kabla ya kuvuka. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua hapo kituo cha pamoja cha mpakani, ambako msafiri na mzigo wake hukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimamishwa mara mbili. Malaba nako, kwenye foleni za malori ya kwenda Kampala, utaratibu ni huo wa kituo kimoja.

Usiku mtu huyohuyo anapolala chali na simu yake, akitaka kulipia filamu, muziki au gemu, anakuta biashara isiyofuata desturi hiyo. Bei ya mtandaoni haitokani na mahali anapoweza kufika kwa miguu au kwa boda. Inatokana na nchi ambayo duka limeamua kwamba yeye ni wa huko.

Wakati mwingine uamuzi huo humfaa Mkenya. Septemba 2021 Netflix ilifungua nchini Kenya kifurushi cha bure kwa simu za Android, ambacho mtu alijiandikisha bila kutoa senti. Kilidumu hadi Novemba 2023. Kilikuwa cha Kenya, kwa hiyo mkazi wa Busia ya Uganda, mwendo wa dakika chache tu kutoka hapo, hakuhesabiwa. Februari 2023 kampuni hiyo ilishusha ada katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, na Kenya kifurushi cha msingi kikatoka shilingi 700 hadi 300. Sababu haikuwa huruma. Filamu ikishatengenezwa, kumwonyesha mtazamaji mmoja zaidi hugharimu kidogo sana, kwa hiyo inalipa kumuuzia Mkenya kwa shilingi 300 kuliko kumkosa kabisa kwa kumdai bei ya Mmarekani. Mpango huo husimama ikiwa tu Mmarekani hawezi kununua kwa bei ya Kenya. Ndiyo maana mahali penye bei za kanda pana pia kufuli za kanda.

Wakati mwingine uamuzi huo humwumiza. Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, halina bei ya shilingi ya Kenya wala ya Uganda. Afrika Kusini ina bei zake za randi, lakini kijana wa Malaba na mwenzake wa Tororo wote wawili huonyeshwa dola. Gemu mpya ya kampuni kubwa inayouzwa dola 70 humfikia kwa zaidi ya shilingi 9,000 za Kenya, kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola. Kijana wa California hulipa dola hizohizo. Haki ya malalamiko ipo hapa, na isipuuzwe. Anayelipwa kwa shilingi huku akitozwa kama mlipwaji wa dola ana sababu ya kutafuta upenyo.

Upenyo wenyewe ulishakuwa mfukoni mwake kabla hajafikiria gemu. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao kama hiyo, na watu wakajaza simu zao programu za VPN ili waonekane wako kwingine. Kodi hiyo iliondolewa 2021, nafasi yake ikachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Lakini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa kwenye mitandao ya Uganda, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Mfanyabiashara wa mpakani mwenye laini ya Uganda na wateja wa Facebook hakuwa na budi kuendelea na VPN. Kutumia programu hiyo kuwafikia wateja ni jambo moja. Kosa huanza pale inapogeuzwa chombo cha kumdanganya mwenye duka kuhusu unakoishi.

Na chombo chenyewe hakifanyi kazi kubwa kama inavyodhaniwa. VPN hupitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine, hivyo duka huona anwani ya intaneti ya huko badala ya yako. Hilo tu. Wakazi wa Busia wanaweza kujionea jinsi duka lisivyojali miguu yako ilipo. Laini ya Safaricom ikidaka mnara wa Uganda ukiwa karibu na geti, data yake kwa kawaida hurudishwa kwanza kwenye mitambo ya Safaricom ndipo iingie intanetini, kwa hiyo duka bado linakuona Mkenya. Laini ya Uganda nayo ikitumiwa ndani ya hoteli ya Malaba ya Kenya hubaki ya Uganda. Anwani huifuata laini, na wenye maduka wanajua udhaifu wa ushahidi huo. Wanajua pia safu za anwani zinazomilikiwa na makampuni ya simu na zile za mabohari ya kompyuta yanayokodishwa kwa VPN. Mteja anayejitokeza ghafla kutoka kwenye bohari kama hilo hujulikana kabla hajagusa chochote.

Duka kwa hiyo hutazama mambo mengine mawili. La kwanza ni kadi ya malipo. Tarakimu sita hadi nane za mwanzo za kadi yoyote ya Visa au Mastercard humtaja mtoaji wake, na kupitia kwake nchi. Kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa Juni 2022 na ambayo mtu huipata kwenye simu kwa kupiga *334#, ni Visa halali ya kununulia nje, lakini ni ya Kenya na inajitangaza hivyo kila inapotumiwa. Uunganishe VPN na Istanbul au Toronto, tarakimu hazibadiliki. La pili ni nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yenyewe siku ilipofunguliwa, pamoja na historia ya manunuzi yake. Akaunti iliyolipa miaka mitatu kutoka Kenya, leo asubuhi ikataka kununua kwa pesa ya Uturuki, imejishtaki yenyewe.

Yaliyotokea Argentina yanafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yaliyowafanya wengi waamini kwamba mchezo huu ni rahisi. Kwa miaka mingi Steam iliuza Argentina kwa peso na Uturuki kwa lira. Fedha hizo mbili zilipoporomoka, bei za gemu hazikupandishwa kwa kasi ileile, na gemu ya dola 60 ikawa inapatikana kwa sehemu ndogo ya thamani hiyo. Watu wa kila pembe ya dunia wakafungua VPN, wakahamishia akaunti zao Buenos Aires, wakanunua kadi za mtandaoni za Argentina na kujilimbikizia gemu. Mwaka 2021 Steam ilibana: nchi ya akaunti haibadilishwi tena kabla ya miezi mitatu kupita, na mabadiliko hukamilika kwa malipo yanayotoka nchi hiyo mpya. Mkataba wake unakataza waziwazi kuficha mahali ulipo ili kupata bei isiyo yako, na unaipa kampuni haki ya kufunga akaunti pamoja na kila kilichomo.

Novemba 20, 2023 mlango ulifungwa kabisa. Steam iliondoa peso na lira, ikaweka bei za dola kwa nchi hizo. Ilieleza kwamba kuyumba kwa thamani ya fedha kulifanya upangaji wa bei kuwa mgumu. Bei za kanda hazikufutwa moja kwa moja, lakini gemu nyingi zilipanda mara kadhaa kwa usiku mmoja. Waliopoteza zaidi ni vijana wa Argentina na Uturuki wenyewe, ambao hawakuwa na pengine pa kwenda. Mgeni alirudi kwenye akaunti yake ya Ulaya. Hilo ndilo linalopaswa kumsumbua Mkenya aliyepunguziwa ada ya Netflix: punguzo la nchi maskini likizoea kunyonywa na wageni, mwenye duka ana sababu moja zaidi ya kuliondoa.

Google nayo ilichukua hatua Juni 2024, ilipoanza kufuta usajili wa YouTube Premium wa watu waliojiandikisha kwa nchi wasizoishi. Waliokuwa wakilipa bei ya Uturuki, Argentina au Ukraine walipokea taarifa kwamba nchi waliyojisajilia si ya kweli, na usajili ukakatizwa.

Pamoja na hayo, kisa kinachowagusa zaidi vijana wa Busia na Malaba hakihusu bei nafuu. Kinahusu duka ambalo haliwatambui kabisa. Kwenye vibanda vya PS, ambako mechi moja hulipiwa kwa shilingi chache na foleni ya wanafunzi hujaa mlangoni ikifika Jumamosi, kuna mashine zilizonunuliwa Nairobi au Kampala kihalali kabisa. Lakini mtandao wa PlayStation haujaiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zake, wala Uganda. Anayefungua akaunti hukuta orodha ndefu ya nchi na ya kwake haimo. Kusini mwa Sahara, Afrika Kusini imo. Basi huchagua nyingine, na kwa kuchagua huko tu tayari ametaja makazi yasiyo ya kweli.

Tuseme kijana wa Malaba, mpenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza, amechagua Uingereza. Anajaribu kulipa kwa kadi yake ya GlobalPay. Inakataliwa, kwa maana duka hilo hutaka njia ya malipo iliyosajiliwa nchi moja na akaunti. Rafiki anamwambia anunue kadi ya zawadi. Anampata muuzaji mtandaoni anayepokea M-Pesa, anaagiza kadi ya dola 50. Kwa kiwango cha 129 hiyo ni shilingi 6,450, na faida ya muuzaji juu yake. Dakika chache baadaye anatumiwa namba ya herufi na tarakimu 12. Anaiingiza. Mashine inamjibu kwamba namba huenda si sahihi au haifai tena.

Hapo ndipo wengi hupoteza pesa mara ya pili. Wanadhani tatizo ni mahali walipo, wanalipia VPN ya Marekani, wanaingiza tena namba, na jibu halibadiliki. Haliwezi kubadilika. Kadi ya dola za Marekani hukubaliwa na akaunti ya Marekani peke yake, na akaunti ya kijana huyu ni ya Uingereza hata akisimama katikati ya New York. Alama ya dola nayo hudanganya, maana Kanada na Australia pia zina dola zao, na kadi ya Kanada haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Ubaya mwingine ni kwamba jibu la kadi ya nchi isiyo yake linafanana mno na jibu la kadi iliyokwisha kutumika, hivyo mnunuzi na muuzaji hubaki wakivutana juu ya nani mkosaji. Muuzaji kwa kawaida harudishi pesa za namba aliyokwisha kuitoa, maana hana njia ya kujua kama imenakiliwa.

Habari njema kwa kijana wetu ni moja. Namba iliyokataliwa kwa sababu ya nchi haijaliwa. Bado ina dola 50 zake, na mwenye akaunti ya Marekani anaweza kuinunua kutoka kwake. Ila asimtumie mgeni picha ya namba kabla hajalipwa.

Je, ahamishe akaunti yake iwe ya Marekani? Haiwezekani; nchi ya akaunti ya PlayStation haibadilishwi ikishawekwa. Anaweza kufungua nyingine mpya kwenye mashine hiyohiyo, lakini gemu alizonunua kwanza zitabaki kwenye ile ya zamani. Tena nyongeza za gemu, kama vile pointi za kununulia wachezaji, hutakiwa kutoka duka la nchi moja na gemu yenyewe. Pointi za akaunti ya Marekani hazitaonekana kwenye gemu iliyonunuliwa Uingereza. Na kuna mtego mdogo wa mwisho: bei za Marekani huandikwa bila kodi ya mauzo, ambayo hutozwa kulingana na jimbo lililoandikwa kwenye anwani. Kadi ya dola 50 inaweza kushindwa kununua gemu ya dola 49.99 kwa upungufu wa dola tatu au nne.

Maduka mengine yana mlango wa kuhama, ila kila moja na masharti yake. Google Play huruhusu kubadili nchi mara moja kwa mwaka, kwa aliyeko huko na mwenye njia ya malipo ya huko, na salio la nchi ya zamani halimfuati katika nchi mpya. Apple humtaka mteja kwanza amalize salio lote la kadi zake na kusitisha usajili unaoendelea. Aliyejaza kadi ya zawadi ya nchi isiyo yake ili kujaribu bahati hujikuta amefungiwa nje na senti chache ambazo hazinunui kitu wala haziishi.

Kadi za bei ya kutupa ni balaa la aina nyingine. Dola 50 zikiuzwa kwa shilingi 4,000 kwenye kundi la Telegram, swali la kwanza liwe: nani anauza dola kwa hasara? Mara nyingi ni aliyezinunua kwa kadi ya benki iliyoibwa. Mwenye kadi hulalamika kwa benki yake wiki kadhaa baadaye, benki hurudisha fedha, na duka hufuatilia namba hadi kwenye akaunti ya aliyeitumia. Salio huondolewa, au akaunti yenyewe hufungwa. Januari 2015 kampuni ya Ubisoft ilifuta nakala za gemu kadhaa, Far Cry 4 ikiwamo, baada ya kubaini kwamba namba zake zilinunuliwa kwa kadi za wizi kisha zikauzwa tena kwenye masoko ya pembeni. Wachezaji waliokuwa wamelipa waliamka gemu haipo. Kelele zilipozidi, Ubisoft ilizirudisha kwa waliokuwa wamekwisha kuzianza.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote hutokea siku akaunti inapodukuliwa au kufungwa kwa tahadhari. Anwani ya VPN hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, wezi wakiwamo, kwa hiyo mteja mwema hushukiwa pamoja nao. Duka humwuliza: anwani yako ni ipi, simu yako ni ipi, kadi yako ni ya benki gani? Aliyeandika mtaa wa London asiowahi kuukanyaga hana jibu. Akisema ukweli anakiri kuvunja mkataba. Akiendelea na uongo, hana karatasi ya kuuthibitisha. Sheria ya Kenya haikatazi VPN, na hakuna askari atakayemkamata Malaba kwa gemu. Anachopoteza ni vitu alivyovilipia kwa miaka, na hana mahali pa kushtaki.

Mei 2024 dunia nzima iliona jinsi orodha ya nchi inavyoweza kumnyang'anya mteja kitu bila kosa lake. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta kupitia Steam lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Gemu hiyo ilikuwa imeuzwa katika nchi nyingi zisizo na huduma hiyo, na ghafla ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, ikiwa ni pamoja na Kenya na Uganda. Wachezaji wa nchi mbalimbali waliandika malalamiko kwa maelfu, na Sony ikafuta sharti ndani ya siku chache. Hakuna aliyeshinda vita hiyo kwa VPN. Ushindi ulitokana na wateja kusema hadharani kwamba wameuziwa kitu na hawakubali kunyimwa.

Ulaya imekwenda mbali zaidi, na imetumia sheria. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza Valve, wamiliki wa Steam, pamoja na wachapishaji watano faini ya jumla ya euro milioni 7.8. Kosa lao lilikuwa kuzifunga gemu zilizouzwa Poland, Hungaria, Romania na nchi jirani zisiweze kufunguliwa kwingine ndani ya soko la pamoja. Valve ilikata rufaa, ikashindwa Septemba 2023. Mahakama ilikubali kwamba soko la pamoja halina maana ikiwa mnunuzi wa nchi moja mwanachama amefungiwa na kufuli asinunue kwa jirani.

Afrika Mashariki nayo ina soko la pamoja kwenye karatasi. Itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010, ikiahidi bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji vivuke bila vikwazo. Kenya na Uganda zote ni wanachama wa COMESA, ambayo tume yake ya ushindani imekuwa kazini Lilongwe tangu 2013, na Kenya ina mamlaka yake ya ushindani Nairobi. Hao ndio wenye uwezo wa kumwuliza muuza gemu kwa nini mashine zake zinatumika Busia lakini akaunti haifunguliwi kwa jina la Kenya, na kwa nini dola ya California ndiyo iwe bei ya Malaba. Waulize. Mpaka hapo watakapojibiwa, kila anayekaribia kutuma M-Pesa kwa ajili ya kadi ya zawadi afungue kwanza ukurasa wa akaunti yake, asome nchi iliyoandikwa pale, na anunue kadi ya nchi hiyo au asinunue kabisa.